Ofa ya dola 1,000 kwa mwezi: tulivyoichambua kazi ya Chebet kabla hajasaini

Nawatunzia watu kadhaa wa Eldoret hesabu zao, wengi wao vijana wanaofanya kazi za online, na kisa hiki ni cha mmoja wao ambaye ameniruhusu nikieleze bila jina lake, kwa hivyo nitamwita Chebet. Ilikuwa mwanzoni mwa 2025. Alikuwa anafanya huduma kwa wateja kwenye ofisi moja hapa mjini, mshahara wa kawaida, halafu ikamjia meseji ya WhatsApp kutoka namba ya Uingereza. Mtu anajitambulisha kama ajenti wa kutafuta wafanyakazi, anasema ameona profaili yake LinkedIn, kuna kampuni ya programu za hoteli inatafuta mtu wa kujibu wateja kwa imeli na chati, ni kazi ya nyumbani, dola 1,000 kwa mwezi. Chebet akanitumia skrinshoti na swali moja tu, "Ndugu, hii ni kazi ama ni wizi?"

Namba ya nje, WhatsApp, ajenti usiyemjua, hela nzuri kuliko ya sasa, hizo zote ni dalili watu huambiwa wakimbie. Mi sikubaliani na kukimbia haraka hivyo. Maajenti wa kweli siku hizi wanatumia WhatsApp sana kwa watu wa Afrika kwa sababu wanajua ndiko tunakojibu. Kitu cha kuangalia ni kama kuna njia ya kumfikia mtu huyo kupitia mlango ambao yeye hakukupa. Linki aliyokutumia, namba aliyokutumia, hata websaiti aliyokutumia, vyote vinaweza kuwa vyake, kwa hivyo unatafuta vyako.

Tukaanza na daftari la makampuni la Uingereza, Companies House, ambalo kila mtu anaweza kulifungua bure kwenye find-and-update.company-information.service.gov.uk. Unaandika jina la kampuni, ukurasa wake unakupa namba ya usajili, tarehe ya kusajiliwa, kama ni hai au imefutwa, majina ya wakurugenzi, na kule kwenye historia unaona hesabu za kila mwaka zilizowasilishwa. Ya ajenti ilikuwa imesajiliwa 2019, iko hai, hesabu haziko nyuma, na namba yake ya aina ya biashara ilikuwa 78109 ambayo ni ya mashirika ya kutafutia watu kazi. Kampuni ambayo jana ilisajiliwa kuuza nguo na leo inaajiri watu wa kompyuta ingenitia wasiwasi, pia ile ambayo hesabu zake zinasema haina shughuli yoyote lakini inakuahidi mshahara.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea, wanaona kampuni ipo wanatulia. Companies House inakuambia tu kwamba kampuni ipo. Haikuambii kwamba huyu anayekuandikia ni mtu wao, na matapeli wanajua hivo, wanachukua jina la kampuni safi yenye miaka kumi halafu wanafungua websaiti inayofanana na yake, wanaongeza kistari au neno kama "careers" kwenye anwani. Kwa hivyo hatua ya pili ni anwani ya imeli. Chebet alimwomba ajenti amwandikie kwa imeli ya kazini badala ya WhatsApp, akaandika, tukachukua ile sehemu iliyo baada ya alama ya @ tukaiweka kwenye lookup.icann.org ambayo inaonyesha domeni ilisajiliwa lini. Yake ilikuwa ya 2019, ikalingana na kampuni. Ingekuwa domeni ya wiki tano zilizopita kwa kampuni ya miaka sita, mazungumzo yangeishia hapo.

Halafu tukafanya kitu kimoja ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote. Kampuni yenyewe ya programu za hoteli, sio ajenti, tuliitafuta wenyewe, tukaingia websaiti yake kwa kuandika anwani kwa mkono, tukachukua imeli ya jumla iliyoko pale, Chebet akaandika mistari mitatu: fulani wa ajensi fulani ameniambia mnatafuta mtu wa huduma kwa wateja, naomba kujua kama mnafanya kazi naye. Siku ya pili wakajibu, ndio, ni ajenti wetu, na wakamnakili ajenti mwenyewe kwenye imeli hiyo hiyo. Kama ni tapeli, jibu hilo huwa haliwezi kuja. Watu wanaogopa kufanya hivi wakidhani wataonekana wasumbufu, lakini mwajiri wa kweli hakasiriki ukimuuliza kama ni yeye.

Na kitu kingine, hakuna aliyemwomba hata shilingi. Hakuna ada ya usajili, hakuna kununua mafunzo, hakuna "tutakutumia hela ya laptop halafu urudishe inayobaki". Uingereza sheria ya mashirika ya ajira ya 1973 inakataza ajensi kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi, kwa hivyo ajensi ya huko inayokuambia ulipie ndio upate nafasi imeshajianika yenyewe. Ya kuogopa zaidi hata kuliko kuibiwa ni ile kazi ambayo kazi yenyewe ni kupokea hela kwenye akaunti yako halafu kuzituma mbele ukibaki na asilimia. Hiyo inakuweka kwenye kesi ya utakatishaji wa pesa ukidhani umeajiriwa.

Basi, intavyuu mbili kwa video, mtihani mfupi wa kujibu malalamiko ya wateja, akapita. Mkataba ukaja. Na mkataba ndio uliotuchukua muda mwingi.

Jambo la kwanza, aliyeandikwa kama upande wa pili haikuwa ile kampuni ya programu za hoteli tuliyoiandikia. Ilikuwa kampuni dada ya Marekani iliyosajiliwa jimbo la Delaware. Chebet akashtuka, lakini hilo ni la kawaida sana, wengi wana kampuni moja huku nyingine kule na wanalipa kupitia ile yenye akaunti ya dola. Unachofanya ni kuuliza kwa maandishi uhusiano wa hizo mbili, na kuhakikisha anayesaini mkataba ndiye anayelipa invoisi. Delaware nao wana sehemu ya kutafuta majina ya makampuni, bure unaona jina, namba ya faili, tarehe ya kuundwa na wakala aliyesajiliwa, ukitaka kujua hali yake ya sasa unalipia. Anwani ya wakala utaikuta inatumiwa na makampuni maelfu, hiyo isikutishe, ndivyo Delaware ilivyo.

Jambo la pili, neno kontrakta. Mkataba ulisema wazi kwamba Chebet si mwajiriwa, ni mtoa huduma anayejitegemea, anayetuma invoisi na kulipa kodi zake mwenyewe. Na hapa ndipo ile dola 1,000 inabadilika sura kabisa, kwa sababu mtu aliyezoea payslip akisikia 1,000 anaizidisha na kiwango cha siku, wakati huo dola ilikuwa karibu shilingi 129, anapata 129,000 na anaanza kupanga nyumba. Hiyo 129,000 sio mshahara. Ni mapato ya biashara kabla ya kitu chochote. Hakuna siku 21 za likizo yenye malipo ambazo Sheria ya Ajira ya Kenya inampa mwajiriwa, hakuna NSSF ya upande wa mwajiri, akiugua wiki nzima hakuna invoisi ya wiki hiyo.

Niliketi naye tukapiga hesabu ya mwaka mzima, na ninaiweka hapa kama tulivyoiandika. Miezi 12 kwa dola 1,000 kwa 129 ni shilingi 1,548,000. Gharama za kazi zenyewe: intaneti 42,000, betri ya dharura na stima 12,000, gharama za kupokea hela 24,000, na laptop yake ya 80,000 ambayo sheria inaruhusu kuiondoa kwa 25% kila mwaka, yaani 20,000 mwaka wa kwanza. Jumla 98,000. Inabaki faida ya 1,450,000, na hiyo ndiyo tuliyoipigia hesabu ya kodi ya mapato.

Viwango vilivyoanza Julai 2023 kwa mwaka ni 10% kwa 288,000 za kwanza, 25% kwa 100,000 zinazofuata, halafu 30% kwa zinazobaki mpaka milioni 6. Kwa Chebet inakuwa 28,800, jumlisha 25,000, jumlisha 318,600. Toa nafuu ya binafsi ya 28,800, unabaki na kodi ya 343,600 kwa mwaka, karibu 28,600 kwa mwezi. Kuna SHIF, mchango wa bima ya afya, ambayo ni 2.75%, kwa faida hiyo kama 3,300 kwa mwezi, na kuna ushuru wa nyumba wa 1.5% ambao Sheria ya Nyumba Nafuu ya Machi 2024 ilipanua ukagusa hata kipato kisicho cha mshahara, 1,935 kwa mwezi. Ukiondoa na zile gharama za kazi, kwenye 129,000 zinabaki karibu 87,000 za kula.

Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa hii inakaribiana na ya hapa." Ndio, inakaribiana. Nilitaka aione kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, na ningependa kila mtu aione.

Kuna watu watakuambia we lipa tu ile kodi ya mauzo ya 3% umalize, kwa hesabu hii ingekuwa 46,440 kwa mwaka mzima, tofauti ya karibu laki tatu. Inavutia. Shida ni kwamba kodi ile ya mauzo ina wigo wake, inahusu biashara zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 na sheria imeziweka nje ada za utaalamu na za usimamizi. Mtu anayeuza ujuzi wake kwa mteja mmoja wa nje anakaa karibu sana na upande huo uliotengwa. Mi simshauri mtu ajenge bajeti yake juu ya 3% bila KRA kumwandikia kwamba anahesabika humo. Tenga hela kwa hesabu kubwa.

Na wengine watakuambia hela inatoka nje kwa hivyo Kenya haihusiki. Inahusika. Kazi inafanyiwa Eldoret, kwenye meza yako, hicho ni kipato cha Kenya hata kama anayelipa hajawahi kufika Afrika na hata kama hela inalala kwenye akaunti ya nje.

Sasa fomu. Pamoja na mkataba wakamtumia W-8BEN, fomu ya mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, na Chebet alikuwa amesoma mahali kwamba Marekani wanakata 30%. Wanakata 30% kwa aina fulani za kipato chenye chanzo cha Marekani. Malipo ya kazi ya mikono au akili, chanzo chake ni pale kazi inapofanyiwa, sio pale mlipaji alipo. Yuko Kenya, hakanyagi Marekani kufanya hiyo kazi, kwa hivyo hakuna cha kukatwa kule. W-8BEN ni karatasi ya kumthibitishia mlipaji kwamba wewe si raia wala mkazi wa kikodi wa Marekani, na haitumwi IRS, inabaki kwa mlipaji kama kinga yake akiulizwa mbona hakukata.

Kuijaza ni rahisi ila ina mitego miwili kwa watu wetu. Mstari wa 3 unataka anwani ya makazi ya kudumu na imeandikwa kabisa kwamba usiweke sanduku la posta. Sisi anwani tunayoijua ni sanduku la posta! Chebet aliweka S.L.P. fomu ikarudishwa, ikabidi aandike jina la jengo, barabara, mtaa na Eldoret. Mtego wa pili ni sehemu ya II ambayo ni ya kudai nafuu ya mkataba wa kodi baina ya nchi mbili. Kenya na Marekani hazina mkataba wa hivyo wa kodi ya mapato, kwa hivyo inaachwa wazi, na ukikuta mtu amekujazia Kenya pale, futa. Mstari wa 6a unaweka KRA PIN yako. Ukisaini 2025 inafanya kazi mpaka mwisho wa 2028, mambo yako yasipobadilika. Na kwa kuwa fomu hii inajulikana, kuna matapeli wanaotuma ya bandia. Ya kweli haiulizi nywila wala nambari ya siri ya benki, na unaipakua mwenyewe irs.gov badala ya kujaza iliyokuja kwenye meseji.

Tukaja kwenye kipengele cha malipo, na kwangu hiki ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Kiliandikwa kwamba invoisi inatumwa mwisho wa mwezi na inalipwa ndani ya siku 30. Inaonekana ya kawaida. Ila hebu ifuate kwa kalenda: unafanya kazi Machi yote, unatuma invoisi tarehe 31, wanalipa tarehe 30 Aprili. Ikifika siku hiyo umeshafanya kazi miezi miwili bila kuona hela, na wasipolipa wanakudai... samahani, unawadai dola 2,000. Mkataba unasema migogoro inaamuliwa kwa sheria za Delaware. Hakuna mtu wa Eldoret atakayefungua kesi Delaware kwa dola 2,000, wakili peke yake anazidi hapo. Kwa hivyo kinga yako halisi sio mahakama, ni kutoruhusu deni likue. Tulimwambia Chebet aombe invoisi kila wiki mbili, ilipwe ndani ya siku 7, na aongeze sentensi kwamba invoisi ikichelewa zaidi ya siku 7 baada ya hapo ana haki ya kusimamisha kazi bila kuhesabiwa amevunja mkataba. Kwa mpango huo deni kubwa kabisa linaweza kufika ni kazi ya wiki nne, na kwa kawaida wiki tatu.

Njia ya hela nayo. Walipendekeza kutuma kwa SWIFT moja kwa moja benki. Kwenye SWIFT kuna kisehemu cha nani analipa gharama, kina machaguo matatu: OUR mtumaji analipa zote, SHA mnagawana, BEN mpokeaji anabeba. Wengi huacha SHA. Hela inapita benki moja au mbili katikati, kila moja inachukua kidogo, halafu benki yako inakununulia dola kwa bei yake. Walituma malipo ya majaribio kabla ya kuanza, dola 500 za wiki mbili za mafunzo. Zilifika dola 478, benki ikabadilisha kwa 126.4, zikaingia shilingi 60,419. Usihangaike na jedwali la makato ya benki, gawa tu shilingi zilizoingia kwa dola zilizoko kwenye invoisi: 60,419 gawa kwa 500 ni 120.8. Hiyo ndiyo bei yake ya kweli ya dola, wakati soko lilikuwa 129. Zaidi ya shilingi 8 kwa kila dola zilipotelea njiani, na akilipwa mara mbili kwa mwezi hivyo ni kama 8,000 kwa mwezi.

Tukajaribu njia nyingine, huduma ya kutuma hela ambayo inapokea dola upande ule na kulipa shilingi upande huu kwa akaunti ya benki. Namba ile ile, shilingi gawa kwa dola, ikatoka 127. Ndio maana kwenye hesabu ya mwaka niliandika 24,000 ya gharama za kupokea, ni shilingi 2 kwa kila dola. Wengine hupenda iingie M-Pesa moja kwa moja na kwa kiasi hiki inawezekana, muamala mmoja hauzidi 250,000 na salio halizidi 500,000. Mi napendelea akaunti ya benki iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, kwa sababu siku KRA wakiuliza, statimenti ya M-Pesa yenye malipo ya kazi yaliyochanganyika na harambee na nauli na chama ni kazi ya wiki nzima kuitenganisha. Na zile gharama unazotaka kuziondoa kwenye kodi, tangu Januari 2024 zinatakiwa ziwe na risiti ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, kwa hivyo mwombe mtu wa intaneti risiti hiyo kila mwezi. Invoisi zake mwenyewe kwa mteja nazo anazitoa kupitia eTIMS.

Kulikuwa na chaguo la kuwaomba wamwajiri kupitia kampuni ya kati, zile wanaita EOR, ambayo inakuwa mwajiri wako kisheria hapa Kenya, inakata PAYE na mengine yote na kukupa payslip na likizo. Ni mpango mzuri kwa anayetaka mkopo wa nyumba. Ila ada yake kwa mwezi kwa mtu mmoja huwa ni mamia ya dola, na kampuni iliyopanga bajeti ya 1,000 haiwezi kuilipa bila kuipunguza kwako. Waliulizwa, wakasema hapana, labda baada ya mwaka.

Kwa hivyo Chebet hakurudi kwao na malalamiko, alirudi na maombi matatu yenye namba. Dola 1,200 badala ya 1,000, na akaeleza kwamba analipia mwenyewe kodi, bima na siku za mapumziko. Malipo ya wiki mbili. Na kukiondoa kipengele kilichomkataza kufanya kazi kwa mteja mwingine yeyote, kwa sababu huwezi kumwambia mtu ni mfanyabiashara huru halafu umfunge asiwe na mteja wa pili, na siku yoyote mambo yakichunguzwa kipengele hicho kinamfanya aonekane mwajiriwa. Wakakubali 1,100, wakakubali wiki mbili, na kipengele wakakipunguza kiwe kwa washindani wao wa moja kwa moja tu. Siku za mapumziko wakampa kumi zenye malipo bila hata kuombwa.

Alisaini. Kila malipo yakiingia anahamisha 28% kwenda akaunti ya akiba asiyoigusa. Kwa kodi inayozidi 40,000 kwa mwaka KRA wanataka ilipwe kwa awamu tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, salio linalipwa kabla ya tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata na ritani ya iTax kabla ya tarehe 30 Juni. Kuchelewesha ritani ni 2,000 au 5% ya kodi, ile iliyo kubwa, na kwa kodi kama yake 5% sio hela ndogo. Kilichobaki sasa ni P9, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, ya ile kazi aliyoiacha Machi, kwa sababu ritani ya 2025 itabeba vipato vyote viwili na nafuu ya binafsi ya miezi mitatu imeshatumika kule, tumeshawaandikia watu wa HR mara moja.